Mlango wa Friji Unaofunguka Wenyewe

Mama mdogo anauza maji baridi na barafu za ubuyu nyumbani kwake Mbagala, na nilipomtembelea nilikuta ameufunga mlango wa friji lake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mteja akija, tyubu inafunguliwa, akiondoka, inafungwa. Bila hiyo mlango ulijiachia taratibu ukasimama wazi, umeelekea sebuleni. Barafu zilichelewa kuganda, maji yalichuruzika hadi sakafuni, na uniti za LUKU ziliisha mapema kuliko alivyozoea. Fundi aliyeitwa aliutazama mpira wa mlango, akasema umekufa, akataja bei ya mpya.

"Hela yenyewe nimeshaanza kuichanga," aliniambia.

Nikamwomba asubiri Jumamosi, maana mahali mlango ule uliposimama palikuwa tayari pamenieleza jambo.

Mlango wa friji la siku hizi hauna komeo. Friji za zamani zilikuwa na kitasa cha kubana, na watoto waliojificha ndani ya friji zilizotupwa walishindwa kutoka, wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Marekani ilitunga sheria ya kutaka mlango uweze kufunguliwa kutoka ndani, na sumaku iliyofichwa ndani ya mpira ikawa ndiyo njia ya kawaida ya kuushika. Lakini sumaku hiyo ina nguvu ya karibu tu. Ikigusa bati, inashika. Ikiachana nalo kidogo, haivuti tena. Kwa hiyo hatua ya mwisho mlango unaimaliza kwa uzito wake wenyewe, na uzito huenda kule friji linakoinamia.

Hebu fikiria mstari unaopita kwenye bawaba ya juu na ya chini. Mstari huo ukiinama, mlango utazunguka mpaka ufike upande ulio chini zaidi, utulie hapo. Friji likiinamia mbele, mlango utakuja kusimama umenyooka mbele yake, kama mkono ulionyooshwa. Likiinamia upande wa bawaba, mlango utaendelea kuzunguka mpaka ufike ubavuni. Likiegemea nyuma kidogo, mlango utarudi kufunga. Wa mama mdogo ulikuwa ukinyooka mbele kila mara, hata tulipoondoa chupa zote zilizokuwa kwenye rafu zake. Chupa hizo nazo zina sehemu yake: nne za lita moja na nusu zinaongeza kilo 6, na kama friji limeshainama mbele, zinazidi kuuvuta mlango.

Jumamosi tulichomoa waya, tukatoa vitu vyote, kisha nikaweka gololi juu ya friji. Ikabiringika moja kwa moja kuelekea mlangoni. Gololi inakuonyesha friji linaelekea wapi; kujua limeinama kiasi gani niliazima pimamaji ya fundi mwashi, ya sentimita 60, ambazo ni karibu sawa na kina cha friji lenyewe. Nililiweka kutoka nyuma kwenda mbele, nikawa napachika vipande vya kadi chini ya ncha ya mbele mpaka povu likakaa katikati. Kadi zilifika milimita 4.

Chanzo cha kwanza kilikuwa stendi, ile ya plastiki yenye magurudumu ambayo wengi wetu huinunua siku hiyohiyo tunayonunua friji. Kona zake za mbele zilikuwa zimebonyea. Isitoshe, miguu ya friji ilikuwa imezama ndani ya vikombe vya stendi, na mguu uliozama hivyo hauwezi kuzungushwa. Mimi siipendi stendi ya namna hiyo, isipokuwa kama sakafu inaingiwa na maji, na hapo ni heri ya chuma isiyo na magurudumu. Tulilishusha friji tukiwa wawili, limesimama wima, tukaliweka juu ya vigae. Tulipopima tena, mbele bado palikuwa chini kwa milimita 2, kwa kuwa sakafu yenyewe imeinamishwa kuelekea mlango wa nje ili maji ya kudekia yatoke.

Friji la kawaida la nyumbani linataka mbele yake iwe juu kuliko nyuma kwa milimita 6 hivi, labda mpaka 10, isipokuwa kama kijitabu chake kinasema vingine. Ukizidisha sana, mlango unajibamiza na vyombo vinateleza kwenye rafu. Kwetu tulihitaji milimita 2 za kufidia sakafu na 6 za kuegemea nyuma, jumla 8. Miguu ya mbele ni skrubu nene zilizoingia chini ya friji. Ukiwa umepiga magoti mbele yake, sukuma ukingo wa mbele wa mguu kuelekea kushoto kwako, nao utatoka na kuinua kona ile. Mwenzako aliinue friji kidogo kwa mbele ili mguu usibebe uzito unapouzungusha. Hapa kila mzunguko uliinua kama milimita moja na robo, kwa hiyo nilizungusha kila mguu mara sita na nusu.

Kisha nikabonyeza kona za juu, moja baada ya nyingine. Friji likacheza: mguu wa kushoto ulikuwa haujakanyaga sawasawa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Friji ni sanduku la bati jembamba, na likisimama kwa miguu mitatu mwili wake hujipinda, mlango nao ukaonekana umekaa upande ilhali bawaba ni nzima. Ndiyo maana bawaba haiguswi kabla ya miguu. Nusu mzunguko zaidi kwenye mguu ule, na mchezo ukaisha.

Baada ya hapo ndipo nikaugeukia mlango wenyewe. Nilibana kipande cha karatasi kati ya mpira na bati, nikakivuta taratibu, nikahamia mahali pengine, mpaka nikauzunguka mlango wote. Kila mahali karatasi ilishikwa, isipokuwa juu, karibu na bawaba, ambako ilitoka bila kuzuiwa. Nilifungua kifuniko cha plastiki juu ya bawaba, nikakuta bolti tatu, na moja ililegea kwa vidole tu. Mlango ulikuwa umevuta bawaba mbele. Kwa spana namba 8 nililegeza bolti zote nusu mzunguko bila kuzitoa, mtoto wa mama mdogo akausukuma mlango nyuma kwa juu mpaka ukawa sambamba na mwili wa friji, nami nikakaza. Tundu za bawaba ni ndefu kidogo kwa ajili hiyo hasa. Kama mlango ungekuwa umeshuka upande wa mkono, angeuinua upande huo badala ya kuusukuma. Na kama bushi ya plastiki kwenye pini ya chini ingekuwa imelika, washa nyembamba ingeurudisha mlango kwenye kimo chake.

Ikabaki mikunjo miwili kwenye mpira, mahali ulipozoea kukaa nusu wazi. Tuliukanda kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, tukaunyoosha kwa vidole, tukafunga mlango. Mpira uliochanika au uliokakamaa hauponi hivyo. Huo kweli hubadilishwa. Huu ulilainika, na baada ya saa moja karatasi ilishikwa pande zote nne.

Mama mdogo aliuacha mlango wazi kwa shubiri moja, akarudi nyuma hatua mbili. Ukarudi wenyewe, ukashika. Akaufungua tena, akauacha, ukarudi. Alifanya hivyo mara nne, halafu akaichukua tyubu akaenda kuifungia mfuko wa mkaa.