Hesabu za GRE: fedha yako iende wapi

Ada ya mtihani wa GRE ni dola 220. Dola moja ikiwa shilingi 2,500 za Tanzania, hizo ni shilingi 550,000, na anayerudia hulipa zote upya. Kwa kijana anayetafuta ufadhili wa shahada ya uzamili Marekani, hiyo ni gharama kubwa, na matumizi mengine yote ya maandalizi yapimwe nayo. Kabla ya kuilipa, soma masharti ya kila programu unayoiomba, maana vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuidai GRE, na vingine vinaipokea bila kuilazimisha. Waulize pia wanaotoa ufadhili kama wao ndio wanaolipia mtihani. Vituo vya EducationUSA, vinavyofanya kazi na balozi za Marekani, hutoa ushauri wa namna hii bila malipo.

Ikiwa mtihani ni lazima, sehemu ya hesabu ndiyo inayowatisha wengi, hasa walioachana na somo hilo kidato cha nne. Ina maswali 27 yaliyogawanywa mafungu mawili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Alama zinaanzia 130 hadi 170. Hakuna kalkulasi wala trigonometria. Kuna hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na usomaji wa takwimu, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyofanya la kwanza, kwa hiyo makosa ya kizembe mwanzoni yana bei kubwa.

Mbele ya mwombaji kuna bidhaa za aina tatu. Kwanza ni vifaa vya bure vya ETS, wenye mtihani: kijitabu cha marudio ya hesabu kiitwacho Math Review, na mitihani miwili kamili ya majaribio ya POWERPREP Online. Pili ni vitabu vya maswali. Tatu ni kozi za mtandaoni na tuisheni, ambazo bei yake huweza kukaribia au kupita ada ya mtihani wenyewe. Wengi huanza na hiyo ya tatu kwa sababu ya hofu. Ushauri wangu ni kuanza na zile za bure, na kutonunua chochote kikubwa mpaka daftari lako la makosa likuambie unachokosa.

Daftari hilo huzaliwa na zoezi fupi la kila siku. Gawanya muda wa mtihani kwa maswali yake, utapata takriban sekunde 105 kwa kila swali. Maswali manane basi yanahitaji dakika 14. Kila siku fanya manane, saa ikiwa imetegwa, na ikilia weka kalamu chini hata kama limebaki swali. Baada ya hapo tumia muda usiopungua huo kupitia ulichofanya. Watu wengi huruka hatua hii, wakati ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa kila kosa andika sababu moja kati ya tatu: sikuijua mada, nilisoma vibaya, au muda uliniishia.

Chukua swali la kulinganisha viasi viwili, aina inayojirudia sana katika GRE. Umeambiwa x ni kubwa kuliko 0. Kiasi A ni x², kiasi B ni x. Kipi kikubwa? Mwenye haraka huweka 2, anapata 4 dhidi ya 2, anachagua A na kuendelea. Lakini ukiweka nusu, A inakuwa robo na B inabaki nusu, hivyo B ndiyo kubwa. Majibu mawili yamepingana, kwa hiyo jibu sahihi ni D: taarifa haitoshi. Aliyekosea hapa anaijua aljebra vizuri kabisa. Alichokosa ni mazoea ya kujaribu namba nzima, kisha sehemu, kisha 1, na pale inaporuhusiwa 0 na namba hasi. Hakuna kozi itakayompa mazoea hayo kwa kumwonyesha video. Atayapata kwa kukutana na swali la jinsi hiyo mara nyingi huku saa ikienda.

Linganisha na hili: bei ilipanda kwa asilimia 20, kisha bei mpya ikashuka kwa asilimia 20. Je, bei ya mwisho ni sawa na ya awali? Ukianza na 100, inapanda hadi 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, hivyo inashuka hadi 96. Anayejibu kwamba ni sawa, na hata baada ya kuonyeshwa haoni sababu, ana pengo la mada. Huyu asiongeze maswali ya saa. Arudi kwenye sehemu ya asilimia katika Math Review, afanye mifano yake taratibu bila saa, ndipo arejee.

Baada ya wiki mbili hivi, hesabu sababu zako. Kama nyingi ni za kusoma vibaya na muda, unachohitaji ni maswali zaidi na seti ndefu zaidi: mara mbili kwa wiki fanya 12 kwa dakika 21, na mwisho wa wiki unganisha 12 na 15 mfululizo. Katika seti hizo jizoeze kuacha. Swali likikugomea baada ya dakika moja na nusu, kisia jibu, liwekee alama, songa mbele. Jibu baya halikatwi alama, na unaweza kulirudia kabla fungu halijafungwa. Hapo nunua kitabu cha maswali, nacho si lazima kiwe kipya. Mtihani ulifupishwa Septemba 2023, lakini aina za maswali ya hesabu hazikubadilika, na mwendo ni ule ule: zamani yalikuwa maswali 20 kwa dakika 35, yaani sekunde zile zile 105. Kitabu rasmi cha ETS cha maswali 150 ya hesabu, toleo la 2017, bado ni mali nzuri hata kwa mkono wa pili.

Kama sababu nyingi ni za kutojua mada, na Math Review umeisoma ikakushinda, hapo tu ndipo mwalimu anastahili fedha yako. Hata hivyo mlipe kwa saa chache za mada ulizozitaja kwenye daftari, usilipie kozi nzima inayoanza na kujumlisha sehemu.

Mitihani miwili ya bure itunze. Mmoja ufanye mwanzoni, wa pili wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, kwa kikao kimoja, simu ikiwa imezimwa. Ukiurudia utakutana na maswali uliyokwisha kuyaona, na alama itakudanganya. Anayetaka kipimo cha tatu anunue mmoja wa POWERPREP PLUS, kwa takriban dola 40. Hiyo ndiyo fedha ninayoitetea bila kusita: ikikuonyesha kwamba alama bado ziko chini ya zinazotakiwa, ahirisha kulipia mtihani, kwani dola 40 zimekuokolea 220.

Na kama utafanyia mtihani nyumbani, karatasi ya kawaida ya kukokotolea hairuhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Nunua ubao huo mapema, na mazoezi ya kila siku uyafanyie humo.