Zamu ya Jumamosi na Kifungu Kitupu

Tuseme zahanati moja ya kijijini inapanga zamu ya usiku wa Jumamosi. Wauguzi ni watatu: Asha, Baraka na Chausiku. Asha ni mzoefu, kwa hiyo akiwepo yeye inatosha. Asipokuwepo, lazima Baraka na Chausiku wawepo wote wawili. Asha anakaa mbali na hana usafiri ila pikipiki ya Baraka, hivyo akija yeye, Baraka naye yupo. Baraka na Chausiku ni mume na mke, wana mtoto mchanga, na hawawezi kutoka wote usiku mmoja. Kisha Chausiku, kwa sababu anazozijua mwenyewe, ameongeza sharti lake: Asha na Baraka wakikesha pamoja, naye atakuwepo.

Je, kuna ratiba inayoyatimiza masharti yote manne?

Kwa watu watatu mtu anaweza kujaribu kila uwezekano, maana ni 8 tu. Wakiwa 30, uwezekano unapita bilioni moja, na hapo kujaribu kimoja kimoja si kazi ya kalamu tena. Swali lenyewe ni la kale katika mantiki: kundi la kauli likitolewa, je, zinaweza kuwa kweli zote kwa pamoja? Mwaka 1965 John Alan Robinson, Mwingereza aliyesoma lugha za kale Cambridge kabla ya kuhamia falsafa huko Princeton, alichapisha njia ya kulijibu kwa kutumia kanuni moja tu ya kufikiri. Njia hiyo inaitwa rezolusheni. Martin Davis na Hilary Putnam walikuwa wamekwisha kuitumia sehemu yake katika makala yao ya 1960, lakini Robinson ndiye aliyeifanya ijitosheleze, akiwa na mashine akilini: mwanadamu huchoshwa na hatua ndogondogo elfu kumi, kompyuta haichoki.

Kanuni hiyo haifanyi kazi juu ya sentensi zozote tu. Kwanza masharti yote yageuzwe yawe na umbo moja: orodha ya vifungu, ambapo ndani ya kifungu kuna “au” peke yake, na kati ya kifungu na kifungu kuna “na” peke yake. Wanamantiki huliita umbo sanifu la “na”. Hapa A itasimama badala ya “Asha yupo zamu”, B kwa Baraka na C kwa Chausiku. Alama ∧ ni “na”, ∨ ni “au” (lile linaloruhusu yote mawili), ¬ ni “si”, na → ni “ikiwa hivi, basi vile”. Masharti ya zahanati yanaandikwa hivi:

```
A ∨ (B ∧ C)
A → B
¬(B ∧ C)
(A ∧ B) → C
```

Kazi ya kwanza ni kuondoa mishale. “Asha akija, Baraka yupo” ni sawa na kusema “Asha hayupo, au Baraka yupo”. Kauli zote mbili zinavunjwa na hali moja tu, ile ya Asha kuwepo bila Baraka. Kwa hiyo `A → B` inakuwa `¬A ∨ B`. Sharti la Chausiku nalo linakuwa `¬(A ∧ B) ∨ C`.

Kazi ya pili ni kusukuma kila kanusho liingie ndani ya mabano mpaka liguse herufi moja. Likipita katika “na”, linaigeuza kuwa “au”, na kinyume chake. Wazazi kutotoka wote wawili ni mmoja wao, walau, kubaki nyumbani: `¬(B ∧ C)` inakuwa `¬B ∨ ¬C`. Sharti la Chausiku linaishia kuwa `¬A ∨ ¬B ∨ C`.

Iliyobaki ni ile “na” iliyojificha ndani ya “au” katika sharti la kwanza. Hiyo hugawanywa, kama wanafunzi wanavyofungua mabano katika aljebra: Asha yupo au Baraka yupo, na vilevile Asha yupo au Chausiku yupo. Sharti moja limezaa vifungu viwili, na orodha nzima sasa ina vifungu vitano:

```
1.  A ∨ B
2.  A ∨ C
3.  ¬A ∨ B
4.  ¬B ∨ ¬C
5.  ¬A ∨ ¬B ∨ C
```

Sasa ndipo kanuni ya Robinson inapoingia. Chukua vifungu viwili, kimoja kikiwa na herufi fulani na kingine kikiwa na kanusho la herufi hiyohiyo. Futa herufi hiyo pande zote mbili, kisha unganisha mabaki yawe kifungu kipya. Kifungu cha 1 kina A, cha 3 kina ¬A. A ikifutwa, upande mmoja unabaki B na upande wa pili unabaki B. Kitu kilichojirudia huandikwa mara moja, kwa hiyo kifungu kipya ni B peke yake. Mantiki yake haina uchawi. Ama Asha yupo ama hayupo. Akiwepo, kifungu cha 3 kinamlazimisha Baraka awepo. Asipokuwepo, kifungu cha 1 kinamlazimisha vilevile. Baraka hana pa kukwepea.

Tuliache kando sharti la Chausiku kwanza, twende na vifungu vinne vya mwanzo.

```
6.  B      kutoka 1 na 3
7.  ¬C     kutoka 4 na 6
8.  A      kutoka 2 na 7
```

Jozi nyingine zikikatwa hutoa vifungu kama `B ∨ C` au `A ∨ ¬B`, ambavyo havisemi zaidi ya yaliyokwisha kujulikana. Itafika mahali hakuna kipya kinachozaliwa. Lazima ifike, kwa sababu kila herufi katika kifungu ama imo ilivyo, ama imo ikiwa imekanushwa, ama haimo. Kwa herufi tatu vifungu tofauti haviwezi kuzidi 27. Ukifika hapo bila kukutana na mgongano, masharti yanatimizika. Na kweli ratiba ipo: Asha na Baraka kazini, Chausiku nyumbani na mtoto.

Sasa Chausiku arudishwe mezani na kifungu chake cha 5.

```
9.   ¬B ∨ C      kutoka 5 na 8
10.  C           kutoka 6 na 9
11.  (kitupu)    kutoka 7 na 10
```

Mstari wa mwisho ndio unaotafutwa. C inasema Chausiku yupo, ¬C inasema hayupo; zikikatana, hakibaki kitu. Kifungu ni “au” ya vitu, na kinakuwa kweli walau kimoja kati ya vitu hivyo kikiwa kweli. Kifungu kisicho na kitu hakiwezi kuwa kweli kamwe. Kwa kuwa kimetokana na masharti yenyewe kwa hatua halali, masharti hayo hayawezi kutimizwa kwa pamoja, na hapana haja ya kupitia ratiba zote 8. Hakikisho linakwenda pande zote mbili: kifungu kitupu kikipatikana, masharti yanagongana, yakigongana, kifungu kitupu kitapatikana ukivumilia.

Kuna kosa moja linalowanasa wanaoanza karibu wote. Wakiona `A ∨ B` na `¬A ∨ ¬B`, hufuta A na B kwa mpigo, wakatangaza kifungu kitupu. Hairuhusiwi. Hufutwa herufi moja kwa hatua moja, na hapa ukifuta A unabaki na `B ∨ ¬B`, kauli ambayo ni kweli daima na isiyo na faida yoyote. Namna ya kulitambua kosa ni kurudi kwenye mfano wenyewe: Asha akiwepo na Baraka asiwepo, vifungu vyote viwili ni kweli. Basi mgongano ungetoka wapi?

Faida ambayo mtu anaweza asiitazamie ni kwamba jibu la “haiwezekani” linakuja na sababu yake. Fuata nyuma mistari kutoka cha 11 na utakuta vifungu vyote vitano vya mwanzo vimetumika. Na hapa kila kimoja kinahitajika: ondoa chochote, ratiba inarudi. Mganga mfawidhi akimtafutia Asha usafiri mwingine, kifungu cha 3 kinaanguka; Asha anakesha peke yake, mume na mke wanalala kwao. Pengine hiyo ni nafuu kuliko kubishana na Chausiku.

Programu za kompyuta zinazofanya kazi hii husoma orodha ileile ikiwa imeandikwa kwa namba. A ni 1, B ni 2, C ni 3, alama ya kutoa ni kanusho, na sifuri hufunga mstari:

```
p cnf 3 5
1 2 0
1 3 0
-1 2 0
-2 -3 0
-1 -2 3 0
```

Ukiipa programu kama MiniSat faili hili, itajibu `UNSATISFIABLE`. Ndani yake haikati kila jozi ovyo: hukisia, hugonga ukuta, kisha hutumia rezolusheni kutunga kifungu kipya kinachoizuia isirudie kosa lile.

Matatizo huanzia mapema, kwenye kugeuza umbo. Sharti letu la kwanza lilizaa vifungu viwili. Lakini chukua “au” inayounganisha jozi 20, kila jozi ikiwa na “na” ndani yake: ukigawanya kwa njia ileile utapata vifungu 1,048,576. Dawa yake ilitolewa na Mrusi Grigori Tseitin katika miaka ya 1960. Badala ya kugawanya, kila jozi inapewa herufi mpya kuwa jina lake, na vifungu vitatu vinaeleza kwamba jina hilo na jozi yake ni kitu kimoja. Vifungu vinakuwa 61 tu. Fomula mpya si sawasawa na ya zamani, maana ina herufi ambazo ile haikuwa nazo, ila moja ikitimizika na nyingine inatimizika, na hilo ndilo swali lililoulizwa.

Ugumu wa pili hauna dawa rahisi hivyo. Njiwa 11 hawawezi kulala katika vijumba 10 kila mmoja peke yake, mtoto analiona. Ukiliandika kwa vifungu vya kawaida unapata herufi 110 na vifungu 561. Mwaka 1985 Armin Haken alithibitisha kwamba kadiri njiwa wanavyoongezeka, idadi ya hatua ambazo rezolusheni inahitaji ili ifikie kifungu kitupu hupanda kwa kasi ya kujizidisha, hata mtu akichagua jozi kwa ustadi wa hali ya juu kabisa. Miaka tisa kabla yake, Stephen Cook alikuwa amekwisha kuonyesha mlango wa pembeni. Ukiruhusiwa kubuni herufi mpya katikati ya kazi, kwa mtindo uleule wa Tseitin, njiwa 11 katika vijumba 10 wanaweza kuelezwa upya kuwa njiwa 10 katika vijumba 9, kisha 9 katika 8, mpaka wabaki wawili wanaogombea kijumba kimoja, na uthibitisho mzima unakuwa mfupi. Kinachosumbua ni kujua herufi ipi ya kubuni, na hapo kanuni ya Robinson haisemi lolote.