Presha Inapopimwa Mguuni

Tuseme mama mmoja anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zimeshindwa kazi. Mkono wa kushoto una fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji. Ukibanwa na mkanda wa presha, damu inaweza kuganda ndani yake na njia ya kusafishia damu ikapotea. Mkono wa kulia umevimba tangu alipotolewa tezi za kwapani kwa ajili ya saratani ya titi. Muuguzi analazimika kuhamia mguuni.

Anamlaza chali na kumpumzisha dakika tano. Mkanda unaweza kufungwa pajani, ukingo wake wa chini ukiwa juu kidogo ya goti, lakini hapo unahitajika mkanda mkubwa uliotengenezwa kwa ajili ya paja. Mkanda mdogo kuliko mguu hutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Kwa hiyo wengi huchagua sehemu ya chini ya shavu la mguu, juu kidogo ya kifundo, ambako mara nyingi mkanda wa kawaida wa mkono hutosha.

Kipimo kinasoma 158/84. Mama anashtuka, maana zamani mkononi alizoea 140. Huenda presha yake haijapanda hata kidogo. Wimbi la damu linaposafiri kutoka moyoni kwenda mbali, kilele chake huongezeka, kwa sababu mishipa ya mbali ni migumu zaidi na sehemu ya wimbi hurudi na kujumlishika na linalokuja. Kwa mtu aliyelala, namba ya juu ya kifundoni huzidi ya mkononi kwa wastani wa kama 17, ilhali ya chini hubaki karibu ileile. Ndiyo maana 140 ya mkononi hulinganishwa na takriban 155 ya kifundoni. Huo ni wastani tu; kuitoa 17 kwa kila mgonjwa ni kubahatisha.

Sasa mwache mama huyohuyo aketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8 kwa uzito wa damu yenyewe. Mkanda ukiwa sentimita 70 chini, kipimo kitakaribia 212/138, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Kwa hiyo kwenye faili iandikwe: mguu upi, sehemu ipi, amelala au ameketi, na safari ijayo apimwe vivyo hivyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni namba ndogo. Mishipa ya miguu ikiziba, kama inavyowapata wavutaji sigara na wenye kisukari, mguu husoma chini huku presha ya mwili ikiwa juu. Miguu yote miwili ipimwe. Tofauti kubwa kati yake, mapigo hafifu kwenye unyayo, au shavu la mguu linalouma wakati wa kutembea na kutulia mtu akisimama, ni sababu ya kumwona daktari kabla ya kupunguza dawa yoyote.