Jino la Pichani na Nuru Ikaayo Ndani Yake

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuandikia barua, akaambatisha picha mbili. Ya kwanza ni ya marehemu baba yake, iliyopigwa akicheka siku ya harusi ya mwanawe, na kinywani mwake mna pengo la jino moja la juu na chonge moja iliyopinda. Ya pili ni picha ile ile baada ya kupelekwa studio ikatengenezwe kwa kompyuta, ipate kukuzwa na kutundikwa sebuleni. Pengo limezibwa, chonge imenyoshwa, meno yote yameng'arishwa, na hata hivyo, aandika bibi huyu, kila mjukuu aingiaye sebuleni huuliza babu alivaa lini meno ya bandia. Ataka kujua kosa liko wapi, maana akilitazama jino moja moja haoni dosari.

Sitapoteza nafasi kueleza jinsi taswira inavyoundwa kwa vitone, jambo lililokwisha andikwa mara nyingi na lisilo ladha. Nitakwenda kwenye jino lenyewe, kwa kuwa fundi aliyeitengeneza picha hii, kwa insafu, aliijua vema kompyuta yake, ila jino hakulijua.

Jino la mbele lina tabaka mbili zinazotuhusu. Ya nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ambacho takriban sehemu 96 katika kila 100 za uzito wake ni madini. Ya ndani ni dentini, yenye umanjano wa kufifia. Enameli yenyewe karibu haina rangi. Nuru iiangukiapo, kiasi kidogo hurudishwa papo hapo na uso wake ulioloa mate, na hicho ndicho kimeta tukionacho mtu achekapo. Sehemu iliyobaki huingia ndani, ikapenya baina ya fito nyembamba za fuwele zilizosongamana, ikatawanywa huku na huku, ikaifikia dentini na kutiwa umanjano, kisha ikarejea nje kwa njia nyingine, aghalabu mahali palipo mbali kidogo na pale ilipoingilia. Weupe wa jino, basi, ni nuru iliyokwisha kusafiri ndani yake.

Mfano wake ni mtu aliyevaa kanzu ya melimeli juu ya fulana ya rangi ya zafarani. Kifuani, kitambaa kilipokunjika mara mbili, weupe na zafarani huchanganyika hata jicho likaona rangi ya pembe ya ndovu. Shingoni, palipochakaa kwa kufuliwa, zafarani hujitokeza waziwazi, na hapo ndipo jino linapokutana na ufizi, mahali ambapo enameli huwa nyembamba mpaka ikamalizika kabisa. Tukishuka chini, fulana huishia kiunoni na kanzu huendelea peke yake, nyuma yake pasiwe na kitu ila kivuli cha nyumba, na kitambaa hapo hakionekani cheupe wala cha manjano, bali cha kijivu chenye dalili ya buluu: ndio ukingo wa jino la mbele, ambapo enameli ya mbele na ya nyuma hukutana pasipo dentini katikati, na nyuma yake mna giza la kinywa. Buluu ile haikutiwa na mtu. Ni kwamba enameli huitawanya zaidi nuru ya mawimbi mafupi, ambayo ni ya buluu, na kuiachia ile ya manjano na nyekundu ipite. Hata umri tunaweza kuusoma katika kanzu hii, kwa kuwa kadiri miaka ipitavyo kitambaa huchakaa na fulana hutiwa rangi upya, yaani enameli hulika na dentini hunenepa na kuiva, ndiyo maana meno ya mzee ni ya manjano kuliko ya mjukuu wake hata akiyasugua asubuhi na jioni. Fundi wa studio alichukua chokaa akaipaka kanzu nzima toka shingoni hadi pindoni. Fulana ikafichika, kivuli cha pindo kikapotea, likabaki umbo la kanzu lisilo na mwili ndani.

Sifa hii ya kupitisha nuru pasipo kuonyesha wazi kilicho nyuma wako waiitao nusuangavu, neno nisiloliridhia, kwa sababu jino si nusu ya kioo. Mimi nitaiita upenyevu, na mwenye neno bora na alilete.

Fauka ya hayo, meno hayakupangwa juu ya mstari ulionyoka. Yamekaa juu ya upinde, na kila jino lirudilo nyuma hukingwa zaidi na midomo na shavu. Kwa kipimo cha kompyuta, ambacho 0 ni giza tupu na 255 ni weupe kamili, katika picha ya asili ya marehemu jino la kati la kulia, upande wa dirisha lililomwangazia, lina 200, la ubavuni mwake 185, chonge 160, na lililo nyuma ya chonge 120. Katika picha iliyotengenezwa, yote manne yamepanda hadi 235 na zaidi, ilhali weupe wa jicho lake umebaki 205. Mjukuu hakuhitaji kupima. Jicho lake lilikwisha kumwambia kwamba meno haya hayamo ndani ya kinywa, yamebandikwa mbele yake.

Sasa tulitazame pengo. Lililokosekana ni jino la juu la ubavuni, upande wa kushoto wa marehemu, na fundi, kama wafanyavyo mafundi wote na kama ningefanya mimi, alilikopa la kulia: akalizungushia `Lasso Tool`, akalinakili kwa `Ctrl+J`, akaligeuza kwa `Edit > Transform > Flip Horizontal`, akalisogeza pengoni. Hila hii ni halali, kwa kuwa jino la mtu mwenyewe ndilo lenye umri wake na madoa yake. Walakini huleta makosa mawili.

La kwanza ni upana. Marehemu ameugeuza uso kidogo, shavu lake la kulia likawa karibu na kamera, hivyo meno ya kushoto yote yanaonekana membamba kuliko wenzao. Jino la kati la kulia lina upana wa vitone 40 na la kushoto 36, yaani sehemu 9 katika 10. Jino la ubavuni la kulia lina 30. Nakala yake, basi, haistahili kuzidi 27, na kwa kuwa upinde huzidi kugeuka kadiri uendavyo nyuma, 26 ni bora. Fundi aliliacha na 30. Kulibana hakuna tabu: `Edit > Transform > Warp`, ukingo wa nje uvutwe ndani zaidi kuliko wa katikati. Hapo pia urefu uangaliwe, kwa maana jino la ubavuni huishia juu kidogo ya ncha za meno mawili ya kati, nusu milimita au milimita moja mdomoni, na ufizi wake nao hushuka chini kidogo kuliko wa majirani zake. Anayelilinganisha sawasawa na meno ya kati hupata safu iliyokatwa kwa rula.

Kosa la pili ndilo baya zaidi, nalo ni kimeta. Dirisha lilikuwa kuliani kwa marehemu, kwa hiyo jino la kulia lilikuwa na kimeta kwenye nusu yake ya nje, ielekeayo dirishani. Lilipogeuzwa, kimeta kikageuka nalo, kikakaa tena kwenye nusu ya nje, ambayo sasa ni upande ulioipa nuru kisogo. Kinywa kimoja kikawa na madirisha mawili. Dawa ni kukifuta kimeta cha nakala kwa `Healing Brush` kabla ya lolote, kisha kulitia giza jino zima kwa `Curves` mpaka lishuke chini ya jirani yake wa kati. Katika picha hii, jirani huyo ana 180, basi nakala ikae karibu na 165. Kimeta kipya hukopwa kwa jirani huyo huyo wa kushoto, kikawekwa nusu ya ndani, kikiwa hafifu na chembamba. Kisipakwe kwa brashi laini kikawa doa la duara, kwa kuwa uso wa enameli una vijifuo vyembamba vya kukingama ambavyo huikatakata nuru. Kimeta laini mno ni alama ya jino la plastiki.

Kati ya jino na jino pasichorwe mstari mweusi. Majirani wawili wanapogusana, uzi wa kivuli huwa wa rangi ya hudhurungi, mzito karibu na ufizi, na ukiishia chini kwenye kijipembe kilicho wazi. Kijipembe hiki huwa kidogo mno kati ya meno mawili ya kati, na huzidi kupanuka tuendeleapo kuelekea chonge. Penye pengo la miaka mingi, ufizi nao huwa umezama, kwa sababu mfupa uliokuwa ukilishika jino umeliwa na mwili, kwa hiyo lile pembetatu dogo la waridi lililo kati ya jino na jino hukopwa pia upande wa pili. Kwa marehemu huyu mdomo wa juu umefunika ufizi, kwa hiyo taabu hiyo haikuwapo. Lakini kivuli cha mdomo kiangukacho juu ya meno lazima kipite juu ya jino jipya pia, na kwenye picha ya studio kimekatika pale pale.

Chonge nayo ilinyoshwa kwa `Liquify`, ikanyoka kweli. Ila jino lililopinda hutanguliza pembe moja mbele, na pembe hiyo humtupia jirani kivuli. Jino likinyoshwa na kivuli kikaachwa, jirani huonekana amechafuka, na huo ndio uchafu ambao fundi alijaribu kuuondoa kwa chokaa yake. Rai yangu ni kuupunguza mpindo wa jino kwa nusu, kivuli kikapunguzwa nao kwa kadiri ile ile, na mtu akabaki na uso wake. Kadhalika kuhusu weupe: `Hue/Saturation`, ichaguliwe `Yellows`, na `Saturation` ishushwe kwa 20 au 25, pasipo kugusa mwangaza hata kidogo. Ngozi nyeusi iliyo pembeni yake huyafanya meno yaonekane meupe kuliko kipimo chao, kwa hiyo sisi hatuna haja kubwa ya kuyang'arisha. Wala mwanya usizibwe pasipo kumwuliza mwenyewe, kwa sababu fundi atauona kasoro, ilhali mama wa mwenye mwanya aliuona uzuri.

Bibi wa Tanga, picha ya asili ungali nayo, basi kazi inaweza kuanzwa upya. Utakapompelekea fundi mwingine, mpe pamoja nayo picha yoyote ya marehemu akicheka kabla jino halijang'oka, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa haina rangi, ili umbo alitazame huko badala ya kulibuni. Na umwambie akurudishie faili lenye tabaka zake zote, yaani la `PSD` na si la `JPEG` peke yake, ili jino lisipokupendeza liondolewe lenyewe pasipo kuugusa uso.