Mapigo 138 yanaonekana salama, kwa nini mkunga amwite daktari?

Mwanafunzi yeyote wa ukunga anaijua namba hii kabla hata hajakanyaga leba: mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ukiulizwa kwenye mtihani, unajibu. Ukiona 138 kwenye kioo cha mashine, unashusha pumzi.

Shida ni kwamba mtoto anaweza kuwa anaishiwa hewa ya oksijeni huku mapigo yake hayajatoka nje ya namba hizo hata mara moja. Kinachokuonyesha hilo ni mchoro, na hasa ni wakati gani mapigo yanashuka ukilinganisha na uchungu.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mashine ya CTG ina mikanda miwili inayofungwa tumboni mwa mama. Mmoja unanasa moyo wa mtoto, mwingine unahisi tumbo likikaza. Kwa hiyo karatasi inatoka na mistari miwili: wa juu ni mapigo, wa chini ni vilima vya uchungu. Kabla hujasoma chochote, angalia spidi ya karatasi. Kuna mashine zinazokwenda sentimita 1 kwa dakika na nyingine sentimita 3, na kushuka kulekule kunaonekana kwembamba kwenye moja na kupana kwenye nyingine.

Sasa tafuta mstari wa msingi. Chukua dakika kama 10 za mchoro, achana na sehemu zilizopanda na zilizoshuka, kisha jiulize: moyo huu ukitulia unakaa wapi? Hapo ndipo pawe kati ya 110 na 160. Usitafute mstari ulionyooka kama rula. Mtoto mwenye hewa ya kutosha, mstari wake unatikisika juu chini kwa mapigo kama 5 hadi 25, kwa sababu ubongo wake unauharakisha na kuupunguza moyo kila sekunde. Mstari ukilala kwa muda mrefu, huenda mtoto amesinzia tu, au mama amepewa dawa kali ya maumivu, au kuna tatizo.

Kupanda ni habari njema. Mapigo yakiongezeka kwa 15 au zaidi juu ya msingi, yakakaa huko sekunde 15 au zaidi kisha yakarudi, mara nyingi mtoto amejigeuza au amepiga teke. Mtoto aliyebanwa na upungufu wa oksijeni kwa kawaida hana nguvu za kufanya hivyo. Ila kuwa makini mama akiwa anasukuma: mchoro ukipanda kila anaposukuma, huenda mashine imehamia kwenye mapigo ya mama mwenyewe. Mshike mkono, hesabu, linganisha.

Kushuka ndiko kunakochanganya wengi. Kuna kushuka kunakoanza pamoja na uchungu na kuisha nao, kama kivuli chake. Hapo kichwa cha mtoto kinabanwa na neva inapunguza mwendo wa moyo papo hapo. Peke yake, hakutishi.

Kuna kushuka kwa ghafla, kwenye ncha kali, kila mara kwa umbo lake. Hapo mara nyingi ni kitovu kinachobanwa. Kukiwa kwa muda mfupi na mstari unaendelea kutikisika vizuri, mtoto anavumilia. Kukizidi kurefuka, hali inabadilika.

Halafu kuna kushuka kwa kuchelewa. Uchungu unaanza na mapigo yametulia. Unafika kileleni, ndipo mapigo yanaanza kuteremka taratibu. Uchungu unaisha, mapigo bado yako chini, yanarudi baadaye. Kwa nini yachelewe? Mfuko wa uzazi ukikaza unabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Mtoto anaishi kwa akiba aliyo nayo. Kama akiba ni ndogo, oksijeni inapungua kuelekea mwisho wa uchungu, mwili wake unahisi, moyo unapunguzwa mwendo. Ule ucheleweshaji ni muda wa akiba kuisha.

Chukua mfano huu wa kufundishia. Mama ana mimba ya kwanza, wiki 39. Saa 4 usiku mchoro unaonyesha msingi 140, mtikisiko wa mapigo 10, kupanda mara mbili, uchungu mara 3 kwa dakika 10. Safi. Anawekewa dripu ya kuongeza uchungu. Saa 6 usiku uchungu umefika mara 6 kwa dakika 10. Msingi sasa ni 155. Hakuna kupanda tena. Mtikisiko umebaki mapigo 4. Na baada ya kilele cha kila uchungu, mapigo yanateremka kutoka 155 hadi 135, yanakaa chini sekunde 40, yanarudi uchungu ukiwa umeshapita.

Angalia namba zote hizo: 155, 138, 135. Zote "kawaida". Atakayepita na kuchungulia kioo ataandika sawa kwenye patografu na kuendelea. Lakini msingi umepanda kwa 15, kupanda kumetoweka, na mtoto hapati muda wa kujaza akiba, maana uchungu zaidi ya mara 5 kwa dakika 10 ni mwingi mno.

Hapo unafunga dripu kwanza. Unamlaza mama ubavu, unapima presha na mapigo yake, unapima njia, na daktari anaitwa palepale, bila kusubiri karatasi nyingine ya nusu saa.

Vituo vingi kando ya ziwa havina CTG, na Shirika la Afya Duniani halishauri mama mwenye afya njema afungwe mashine hiyo muda wote: inaongeza upasuaji, kwa kuwa michoro mingi inayotisha ni ya watoto walio salama. Kinachoshauriwa ni kusikiliza kwa Dopla au fetoskopu kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Unasikiliza dakika nzima, ukianzia ndani ya uchungu na kuendelea angalau sekunde 30 baada ya kuisha. Sasa unajua kwa nini: ukisikiliza katikati ya uchungu na uchungu, kule kushuka kwa kuchelewa kunakupita.

Mwanza ni kati ya mikoa mitano iliyokuwa kwenye mradi wa Safer Births Bundle of Care, na moja ya vifaa vyake ni Moyo, Dopla inayofungwa tumboni. Jina ni hilohilo la Kiswahili. Inaonyesha mchoro wa mapigo wa dakika 30 zilizopita, lakini haichori uchungu. Mstari wa pili ni mkono wako juu ya tumbo la mama.

Ukimpa mama rufaa, tuseme kutoka Sengerema kwenda Bugando kupitia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, usiandike tu "mapigo 138". Andika msingi ulikuwa ngapi na sasa ni ngapi, mapigo yanashuka hadi wapi, yanaanza kushuka lini na yanarudi baada ya sekunde ngapi, na dripu ilifungwa saa ngapi.