Kujipima kwa Kalamu Yako: Tathmini ya Mwisho wa Mwaka Kazini

Juni ni mwezi mzito katika ofisi za umma za Tanzania na Kenya. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, ripoti zinadaiwa kila upande, na katikati ya pilikapilika hizo kila mtumishi anatakiwa kueleza mwenyewe amefanya nini mwaka mzima, wapi amepungukiwa, na anajipa alama gani. Wengi huandika mistari minne: wametekeleza majukumu kwa ufanisi, wameshirikiana vizuri na wenzao, changamoto ni uhaba wa vitendea kazi, wanaomba mafunzo. Maelezo hayo yangeweza kuwa ya dereva, ya muuguzi au ya mhasibu. Yakibadilishwa majina, hakuna atakayegundua.

Inasikitisha, kwa sababu nafasi hiyo ya kujieleza haikuwapo siku zote. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, kwa miaka mingi mkuu wa kazi alijaza taarifa ya siri kuhusu aliye chini yake, na anayeandikwa hakuiona. Mwaka 2004 ukaingia mfumo wa wazi, uliojulikana kwa kifupi chake, OPRAS. Ndani yake mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, wakayapitia katikati, kisha mwishoni mtumishi akajipa alama, msimamizi akatoa yake, na wawili hao wakaketi kutafuta alama ya pamoja. Miaka ya karibuni fomu hizo za karatasi zimepisha mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Hata hivyo kazi iliyo mbele ya mtumishi ni ileile: asipojieleza, msimamizi atamwelezea kwa kile anachokikumbuka, na kumbukumbu ya msimamizi mwenye watu kumi na wawili haifiki mbali zaidi ya Machi.

Namna ya kuandika nitaionyesha kwa mfano mmoja tu, wa kubuni, wa mtunza kumbukumbu katika masjala ya halmashauri. Nimemchagua kwa makusudi. Watu wa masjala ndio husema kazi yao haina mafanikio ya kuonyesha, kwamba barua zinaingia na kutoka, basi. Julai alikubaliana na msimamizi wake mambo mawili makubwa. La kwanza, kuhakiki majalada 600 ya watumishi kabla ya mwisho wa Juni. La pili, kuhakikisha kila jalada linaloazimwa na ofisi nyingine linarudi masjala ndani ya siku 3.

Anapoanza kuandika mafanikio yake, anaanzia kwenye lengo kama lilivyokubaliwa, si kwenye sifa zake. Haandiki kwamba ameboresha utunzaji wa kumbukumbu. Anaandika hivi: "Lengo lilikuwa kuhakiki majalada 600. Nimehakiki 540. Katika hayo, 72 hayakuwa na nakala ya cheti au barua ya kuthibitishwa kazini. Orodha yake nilimkabidhi ofisa utumishi mwezi Machi, na nakala 50 zimekwisha kupatikana na kuwekwa mahali pake. Majalada 60 yaliyobaki ni ya idara moja ambayo nilipanga kuimaliza Juni, sikuifikia."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoipa nguvu aya nzima. Msomaji akishaona kwamba mwandishi amezitaja zile 60 bila kuulizwa, anaziamini zile 540. Tena angalia kwamba mtu huyu hakuishia kuhesabu majalada aliyoyafungua. Ametaja kilichopatikana kutokana na kuyafungua: mapungufu 72 yamejulikana, na mengi yamezibwa. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanaorodhesha shughuli, kama vile vikao walivyohudhuria na barua walizoandika, bila kusema shughuli hizo zilileta nini. Kuhudhuria vikao ni wajibu. Kinachopimwa ni kilichobadilika baada ya kikao.

Kosa jingine ni kujificha ndani ya wingi. Anayeandika "tulifanikisha uhakiki" humwachia msimamizi kazi ya kukisia ni nani aliyefanya nini. Ikiwa kazi ilifanywa na watu watatu, iseme hivyo, kisha utaje sehemu yako: nani alipanga, nani aliingiza kwenye kompyuta, nani alifuatilia vyeti. Anayebeba sifa ya wenzake hugundulika mapema, maana wenzake nao wanajaza tathmini zao kwa msimamizi yuleyule.

Sasa tuje kwenye udhaifu, ambako kalamu hutetemeka. Kuna udhaifu wa kujipamba, wa mtu anayeandika kwamba anapenda kazi kupita kiasi, au kwamba hawezi kulala kazi ikiwa haijakamilika. Msimamizi ameusoma mara nyingi, na hauna analoweza kufanya nao. Kuna pia kujilaani, yaani kuandika kwamba "mimi ni mzito wa kufuatilia mambo." Maneno hayo yanaonekana kuwa ya kweli na ya unyenyekevu, lakini yanahukumu tabia nzima ya mtu na kubaki kwenye jalada lake kwa miaka, na bado hayasemi nini kilitokea. Halafu kuna kusukumia wengine, ambako kila pungufu lina mwenyewe wa nje: mtandao, bajeti, ofisi jirani.

Udhaifu ulioandikwa vizuri husimulia tukio. Unasema nini kilipungua na kwa kiasi gani, kilimwathiri nani, chanzo chake ni kipi kwa upande wa mwandishi mwenyewe, amekwisha kufanya nini, na nini bado. Mtunza kumbukumbu wetu anaandika hivi juu ya lengo lake la pili:

"Mwaka huu majalada 41 yalikaa nje zaidi ya siku 3. Jalada moja lilikuwa la mtumishi aliyekuwa akistaafu. Lilikaa mezani katika ofisi nyingine kwa wiki mbili, na nyaraka zake za mafao zilichelewa kwa muda huo. Nilikuwa naandika rejesta ya kuazima kila siku, lakini sikuwa naipitia kuona lipi halijarudi mpaka jalada liulizwe. Hadi mwisho wa Aprili yalikuwa yamechelewa 38. Tangu Mei naikagua rejesta kila Ijumaa na kuwafuata wenye majalada siku hiyohiyo. Kwa Mei na Juni yamechelewa 3. Ofisi mbili bado hupitisha jalada kutoka meza hadi meza bila kuandikisha masjala, na hilo naomba msimamizi alifikishe kwa wakuu wao."

Nimekaa sana juu ya aya hii kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kutokukagua rejesta ni kosa lake, analikiri kama lilivyo. Majalada kupitishwa bila kuandikishwa ni tatizo la ofisi, na analitaja baada ya kosa lake, likiwa na ombi linaloeleweka. Angeanza na kosa la ofisi nyingine, aya nzima ingesomeka kama utetezi. Tena hakuficha habari ya yule mstaafu. Ilimgusa mtu mwenye tarehe yake ya kuondoka kazini, na bila shaka msimamizi aliisikia. Jambo analolijua msimamizi, likikosekana katika maelezo yako, humfanya atilie shaka yale mengine ambayo hayajui.

Ukweli huu una mipaka yake. Tathmini ni mahali pa utendaji, si mahali pa kuungama kila kitu. Upungufu wa kuchelewesha majalada unaingia. Ugomvi wa nyumbani, maradhi, au ugumba hauingii, isipokuwa mtu mwenyewe anataka ofisi ijue ili apewe nafuu, na hapo ni bora aanze kwa mazungumzo na ofisa utumishi. Na jambo lenye sura ya kosa la nidhamu, kama fedha au nyaraka kupotea, lina utaratibu wake. Mtu apate ushauri kabla ya kuliandika popote.

Wapo wanaoogopa kwamba kukiri kutawafukuzisha kazi. Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa yapo maeneo ya kazi ambako msimamizi hutumia maneno ya mtu kumpiga nayo. Lakini mtu aitazame na upande wa pili. Kwa waajiriwa walio chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, achunguze sababu zake, ampe mwongozo, na ampe muda wa kujirekebisha. Mfanyakazi aliyeandika tatizo mapema, akaonyesha hatua alizochukua na msaada aliouomba, ana maandishi ya kushika siku hiyo ikifika. Aliyejipa alama ya juu miaka mitatu mfululizo hana cha kuonyesha kwamba aliwahi kuomba msaada.

Kuhusu alama, tahadhari moja. Kwenye fomu ya OPRAS, 1 ilikuwa alama bora kuliko zote na 5 ndiyo mbaya zaidi, wakati waajiri wengine hupanga kinyume chake. Soma maelekezo ya fomu yako kwanza. Kisha alama ifuate maneno. Kwa mizani hiyo ya OPRAS, mtunza kumbukumbu aliyefikia 540 kati ya 600 anaweza kujipa 2 kwenye lengo la kwanza bila kuona haya, na 3 kwenye la pili. Akijipa 1 kote, maelezo yake mazuri yanageuka ushahidi dhidi yake.

Nikiulizwa mahali ambapo tathmini nyingi huharibika, nitasema ni Desemba. Mapitio ya nusu mwaka ndiyo nafasi ya kubadilisha malengo yasiyowezekana tena. Kompyuta ya masjala ikiharibika Septemba na isitengenezwe, lengo la kuorodhesha majalada lirekebishwe Desemba kwa maandishi, msimamizi akiwa amekubali. Sababu hiyohiyo ikiandikwa kwa mara ya kwanza Juni, huonekana kisingizio hata kama ni ya kweli tupu. Kwa hiyo weka daftari, na kila Ijumaa andika mistari miwili au mitatu: kilichokamilika, kwa idadi, kilichokwama, na tangu lini, na jina la waraka unaothibitisha. Mwandishi wetu asingeweza kujua kwamba yaliyochelewa hadi Aprili ni 38 kama rejesta yake isingekuwa na tarehe.

Siku ya kukaa na msimamizi, nenda na daftari hilo na nyaraka zake. Mkitofautiana alama, usibishane juu ya juhudi zako; uliza ni lengo lipi anaona halikufikiwa na kwa kipimo gani, kisha mfungue kumbukumbu pamoja. Msipoafikiana, tofauti hiyo iandikwe, usisaini ukiwa umenyamaza. Na kabla hujaondoka, hakikisha una nakala yako ya tathmini iliyokamilika, ya karatasi au ya kwenye mfumo, kwa sababu Julai malengo mapya yatapangwa kutokana nayo, na msimamizi wa mwaka ujao huenda akawa mtu mwingine.