Midomo Ikivimba, Ulizia na Vidonge vya Presha

Mwanamke wa miaka 58 anaamka saa kumi alfajiri akihisi mdomo wa chini umekuwa mzito. Anajitazama kwenye kioo: umevimba upande mmoja, hauumi wala hauwashi. Jana saa mbili usiku alikula wali na kamba wa nazi, basi nyumba nzima inakubaliana kuwa aliyemdhuru ni kamba. Duka la dawa linapofunguliwa anapewa Piritoni, anameza na kurudi kulala. Kufika saa nne asubuhi ulimi nao umejaa, maneno hayatamkiki na mate yanamtoka.

Mgonjwa huyu nimemtunga, lakini hakuna jambo hapo litakalomshangaza daktari wa dharura. Angemuuliza mara moja swali ambalo nyumbani na dukani halikuulizwa: mama, unatumia dawa gani? Angejibiwa kwamba kwa miaka mitatu sasa anameza enalaprili ya presha kila siku, na kwamba haijamsumbua kwa lolote ila kikohozi kikavu alichokwisha kukizoea.

Uvimbe wa aina hii huitwa anjioedema. Mishipa midogo ya damu hulegea na kuvujisha majimaji, nayo hujaa chini ya ngozi na utando, hasa penye nyama laini: midomo, ulimi, kope na koo. Kwa kuutazama tu mdomo huwezi kujua kilichouvimbisha. Inabidi uangalie dalili nyingine zilizoandamana nao, na uhesabu saa.

Katika mzio, mwili hukosea na kukichukulia chakula, dawa au sumu ya nyuki kuwa adui, ukamwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini huwasha. Kwa hiyo uvimbe wa mzio mara nyingi huja na mabaka mekundu yaliyoinuka na muwasho, na ukiwa mkali huongezeka kifua kubana, kutapika, kizunguzungu au kuzirai. Tena huja upesi, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula au kuumwa. Kamba walioliwa saa mbili usiku wangemsumbua mama huyu kabla hajapanda kitandani.

Uvimbe wa vidonge vya presha una chanzo kingine kabisa. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, ramiprili na ndugu zao huzuia kimeng'enya chenye kazi mbili mwilini. Ya kwanza ni kusaidia kutengeneza kemikali inayokaza mishipa, na hiyo ikizuiwa presha hushuka. Ya pili ni kuivunjavunja bradikinini, kemikali inayotanua mishipa na kuifanya ivuje. Kimeng'enya kikifungwa, bradikinini nayo hulimbikizana. Inadhaniwa kuwa ndiyo inayowakohoza baadhi ya watumiaji, na kwa wachache ndiyo inayovimbisha midomo na ulimi.

Wanasayansi walianzia hapohapo penye bradikinini. Mwaka 1965 Mbrazili Sérgio Ferreira alieleza kwamba sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka ina kitu kinachoongeza nguvu ya kemikali hiyo. Utafiti uliofuata ndio uliozaa kaptoprili, dawa ya kwanza ya kumeza ya ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Kati ya watumiaji 1,000, wanaopata uvimbe huu hukadiriwa kuwa kati ya mmoja na saba. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika hatari ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo jambo hili linatuhusu hasa. Wengi hupatwa katika wiki au miezi ya mwanzo, lakini wengine hupatwa baada ya miaka. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa kuwa ni vigumu kukishuku kidonge ulichokizoea miaka mitatu wakati jana tu umekula kamba. Uvimbe huu hauna mabaka wala muwasho, huongezeka polepole kwa saa kadhaa, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja hadi tatu baada ya dawa kuachwa.

Kinachoua katika aina zote mbili ni kuziba kwa njia ya hewa. Mdomo uliovimba peke yake unatisha macho, ila haumzibi mtu pumzi. Hatari huanza uvimbe unapoingia ndani: kwenye ulimi, chini ya ulimi na kooni. Sikiliza sauti, maana ikibadilika, ikawa nzito au ya kukwaruza, koo limeguswa. Angalia kama anameza mate au yanamtoka. Mlio wa kukoroma au filimbi anapovuta hewa ndani, au kukataa kulala akabaki ameketi ameinama mbele, ni dalili kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisikudanganye. Kinaweza kusoma vizuri hadi njia inapokaribia kuziba.

Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumwekea mrija wa kupumulia, akiwa ameketi, wala asipewe chakula au kinywaji. Mtaalamu wa usingizi aitwe mapema. Ulimi ukishajaa kinywa, kuupitisha mrija ni kazi ngumu, na kila jaribio linaloshindikana huweza kuongeza uvimbe na damu. Ndiyo maana timu hujiandaa tangu mwanzo kufungua njia shingoni ikilazimika.

Kwa mzio mkali dawa ya kwanza ni adrenalini. Mtu mzima huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja kwa nje, na huweza kurudiwa baada ya dakika tano asipopata nafuu. Piritoni na haidrokotizoni si mbadala wake. Katika uvimbe wa kidonge, dawa hizi zote kwa kawaida husaidia kidogo au hazisaidii, kwa sababu si histamini inayovujisha mishipa. Hata hivyo, daktari akishindwa kuutenga mzio hutoa adrenalini, kwa kuwa kumnyima mwenye mzio mkali ni hatari zaidi. Zipo dawa zinazoilenga bradikinini, lakini ni ghali, si rahisi kupatikana, na majaribio yake hayakutoa matokeo yanayolingana. Tiba iliyo ya hakika ni kuacha kidonge, kulinda njia ya hewa na kumwangalia mgonjwa hadi uvimbe ushuke.

Kosa kubwa linaweza kuja baadaye. Mgonjwa anapona, anaambiwa alikuwa na aleji ya chakula, anaendelea na kidonge kilekile. Uvimbe unaweza kurudi ukiwa mkali kuliko wa kwanza. Kubadilisha enalaprili kwa lisinoprili hakusaidii, maana ukoo wote unafanya kazi ile ile. Soma boksi: jina la dawa likiishia kwa herufi p-r-i-l, limo. Daktari atachagua dawa ya ukoo mwingine, kama amlodipini. Losatani hutumika pia, kwa uangalizi, kwa kuwa wachache huvimba hata kwa hiyo.

Asiyewahi kuvimba asiache vidonge vyake kwa hofu, kwani presha isiyotibiwa huleta kiharusi. Aliyewahi kuvimba ajue kwamba uvimbe unaweza kujirudia katika wiki za mwanzo hata baada ya kuacha dawa, na awahi hospitali ukirudi. Kwenye cheti chake iandikwe wazi jina la dawa na kilichotokea, naye akionyeshe cheti hicho kila anapoandikiwa dawa ya presha, ya moyo au ya figo, maana vidonge vya ukoo huu hutumika kwa magonjwa yote hayo matatu.